Ukoko Mweupe Upande wa Hasi

Kipimo cha presha kilinunuliwa kwa ajili ya bibi. Kilitumika asubuhi na jioni kwa miezi mitatu, hali yake ikatulia, kikarudishwa kwenye boksi na kuwekwa juu ya kabati. Miaka miwili na ushee baadaye mjukuu anakihitaji. Anabonyeza kitufe, kioo kimya. Anafungua mfuniko wa nyuma na kukuta betri nne za AA zikiwa palepale zilipowekwa, ila moja imezungukwa na ukoko mweupe. Springi yake imeliwa hadi imekatika, na kibati cha pembeni kimepiga rangi ya kijani iliyoelekea samawati.

Kifaa kinapelekwa kwa fundi, na swali linaloulizwa huko ni lilelile ambalo mafundi hulisikia kila mara: "Fundi, hiki kitu kimeharibikaje wakati hata hakijatumika?"

Swali ni la haki. Mtu anayekanyaga simu yake anajua alichokosea. Anayefunga kifaa vizuri na kukiweka mahali pakavu hajui. Wengi huhitimisha kwamba betri zilikuwa feki, au kwamba unyevunyevu uliingia. Mara nyingine ni kweli zilikuwa feki. Lakini betri halali kabisa ya alkalaini, kutoka kiwanda kinachoheshimika, nayo huvuja ikiachwa muda mrefu ndani ya kifaa, na chanzo chake kimo ndani ya betri yenyewe tangu siku ilipotoka kiwandani.

Mtu akiipasua betri ya alkalaini, jambo ambalo halishauriwi nyumbani, atakuta vitu vinne vya maana. Kwa nje ni kopo la chuma lililopakwa nikeli. Ndani ya kopo, kwenye kuta zake, umeshindiliwa unga mweusi wa oksidi ya manganizi uliochanganywa na grafiti. Huu ndio upande wa chanya. Katikati kuna uji mzito wa kijivu wenye chembechembe za zinki, ambao ndio upande wa hasi, na ndani ya uji huo umezama msumari mwembamba wa shaba ya manjano unaokusanya umeme na kuutoa nje kupitia kitako cha betri. Kati ya pande hizi mbili kuna karatasi maalumu ya kuzitenganisha. Vyote vimeloa kimiminika kimoja: hidroksidi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwenye maji, kwa kiasi cha asilimia 35 hadi 40 hivi. Hiyo ndiyo elektrolaiti, na ni alikali kali inayoweza kuunguza ngozi na kupofusha jicho.

Kinachoizuia isitoke ni kizibo cha nailoni kilichobanwa kwenye mdomo wa kopo, upande wa hasi. Msumari wa shaba unapita katikati ya kizibo hicho. Na hapo pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: kwenye kizibo hicho watengenezaji huacha kwa makusudi mzunguko mmoja mwembamba kuliko sehemu nyingine, ili gesi ikizidi ndani, nailoni ipasuke hapo badala ya kopo zima kulipuka. Kwa hiyo betri inayovuja baada ya kujaa gesi imefanya kile ilichobuniwa kufanya. Imechagua kuharibu springi badala ya kumrukia mtu usoni.

Swali linalofuata ni gesi hiyo inatoka wapi.

Inatoka kwenye zinki. Zinki ni metali isiyotulia majini, hasa majini penye alikali kali. Hata betri ikiwa dukani kwenye pakiti yake, chembe za zinki huendelea kidogokidogo kuyavunja maji yaliyomo kwenye elektrolaiti: zinki inageuka oksidi, na haidrojeni inabaki huru. Kasi ni ndogo sana. Kwenye joto la kawaida la chumba betri nzuri hupoteza asilimia mbili au tatu tu ya nguvu zake kwa mwaka, na haidrojeni kiasi hicho hupenya taratibu kwenye nailoni na kutoweka hewani. Tatizo huanza pale gesi inapozalishwa kwa kasi kuliko inavyoweza kupenya.

Udhaifu huu umeshikana na sifa iliyoifanya betri ya alkalaini ipendwe. Katikati ya miaka ya 1950 mhandisi kutoka Kanada, Lewis Urry, alikuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya Eveready huko Parma, jimbo la Ohio, Marekani. Alitakiwa kuziongezea maisha betri za zinki na kaboni za wakati huo. Yeye akaona ni afadhali kutengeneza nyingine kabisa yenye alikali, na akapiga hatua kubwa alipotumia zinki ya unga badala ya zinki ya kipande kimoja. Unga una eneo kubwa zaidi la kugusana na elektrolaiti, hivyo umeme hutoka kwa wingi. Ili kuwashawishi wakubwa wake, Urry alitia betri yake kwenye gari la kuchezea na betri ya kawaida kwenye jingine, akayashindanisha kwenye ukumbi wa kulia chakula. La kawaida liliishiwa nguvu mapema; la kwake likaendelea kwenda na kurudi hadi watazamaji wakachoka. Betri hizo ziliingia sokoni mwaka 1959.

Lakini eneo kubwa la kutoa umeme ni eneo kubwa la kutoa haidrojeni pia. Kwa miongo kadhaa dawa ya tatizo hilo ilikuwa zebaki. Zebaki kidogo ikichanganywa na zinki huzuia haidrojeni isijitengeneze kirahisi juu ya chembe zake, na hadi miaka ya 1980 watengenezaji waliitumia kwa kiasi cha asilimia kadhaa ya uzito wa zinki. Zebaki ni sumu, na betri zilizotupwa majalalani ziliirudisha kwenye udongo na maji. Marekani ilipitisha sheria ya kuiondoa mwaka 1996, viwanda vikubwa vikiwa vimekwisha kuanza kuiacha, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ukaipiga marufuku kimataifa katika betri nyingi. Nafasi yake ilichukuliwa na zinki safi zaidi, isiyo na punje za chuma, iliyochanganywa na indiamu na bismuthi kwa viwango vidogo mno. Mbinu hizi zinafanya kazi vizuri. Hata hivyo, wazee wanaosema kwamba betri za zamani hazikuwa zikivuja ovyo hawajakosea sana: mlinzi aliyeondolewa alikuwa hodari, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka arudishwe.

Basi mpaka hapa betri iliyolala dukani ina amani ya miaka mitano hadi kumi, kama tarehe iliyochapwa ubavuni mwake inavyoahidi. Ile iliyolala ndani ya kifaa haina amani hiyo, na kipimo cha presha cha bibi kinaonyesha kwa nini.

Kipimo hicho kinatumia betri nne zilizopangwa kwa mfululizo, chanya ya moja ikigusa hasi ya nyingine. Kila kinapojaza upepo kwenye mkono hutumia kama miliampea-saa 5. Mara mbili kwa siku kwa miezi mitatu ni vipimo 180, sawa na miliampea-saa 900. Tuseme betri tatu zilianza na miliampea-saa 2,300 kila moja, na ya nne ilianza na 2,200, ama kwa sababu ilichomolewa kwenye rimoti, ama kwa sababu tu hakuna betri mbili zinazolingana sawasawa. Kifaa kinaporudishwa kwenye boksi, tatu zimebakiwa na 1,400 na moja imebakiwa na 1,300.

Sasa kifaa kimezimwa. Kimezimwa kweli? Vifaa vingi vya siku hizi havina swichi inayokata waya. Kitufe cha kuwasha ni ombi tu linalopelekwa kwenye kompyuta ndogo ya ndani, na ombi haliwezi kusikika kama hakuna aliye macho. Kompyuta hiyo huwa macho usiku na mchana, tena huhesabu saa na kutunza vipimo vya nyuma. Kwa kipimo chetu tuchukulie inakula mikroampea 80, umeme mdogo usioweza hata kuwasha taa ya kiberiti. Lakini mwaka una saa 8,760. Zidisha, unapata miliampea-saa 700 kwa mwaka.

Ndani ya miezi 22 betri dhaifu imekwisha. Zile tatu bado zina akiba, na kwa pamoja zina volti zaidi ya tatu, zinazotosha kabisa kuiweka kompyuta macho. Kwa hiyo umeme unaendelea kuzunguka, na kwa kuwa betri zimepangwa kwa mfululizo, hauna njia nyingine ila kupita ndani ya ile iliyokwisha. Wenzake sasa wanaisukuma. Volti yake inashuka hadi sifuri, kisha inapinduka na kuwa chini ya sifuri: mahali pa chanya pamekuwa hasi.

Hapo ndipo haidrojeni inapotoka kwa fujo. Oksidi ya manganizi inapokuwa haina tena cha kutoa, umeme unaosukumwa hauna pengine pa kwenda ila kwenye maji, na maji huvunjika. Kila miliampea-saa moja inayoishia hivyo huzaa karibu nusu mililita ya haidrojeni. Tofauti ya akiba kati ya betri dhaifu na wenzake ilikuwa miliampea-saa 100. Hata kama sehemu ya tano tu ya hizo ndiyo iliyovunja maji, ni mililita tisa za gesi. Betri nzima ya AA, kopo na vyote vilivyomo, ina ujazo wa mililita nane hivi, na nafasi tupu ndani yake haifiki mbali. Gesi tisa inabanwa kwenye chumba cha gesi moja au pungufu, kizibo kinasalimu amri kwenye ule mzunguko mwembamba, na gesi inapotoka inasukuma elektrolaiti mbele yake.

Ndiyo maana katika betri nne mara nyingi inavuja moja, na ndiyo maana wanaochanganya betri mpya na nzee hupata hasara haraka kuliko wote. Kuweka mbili mpya na mbili za zamani kunaonekana ni kubana matumizi. Ukweli ni kwamba mbili mpya zimepewa nguvu ya kutosha kuzipindua mbili za zamani na kuendelea kuzisukuma kwa miezi.

Saa ya ukutani inayotumia betri moja haina wenzake wa kuipindua. Hata hivyo, nayo huvuja ikisimama na kuachwa. Betri iliyokwisha kabisa haiko sawa na betri mpya kwa ndani: unga wa zinki umegeuka oksidi na kuvimba, elektrolaiti imepoteza maji, na zinki iliyobakia inagusana na msumari wa shaba kwa namna inayozidi kuchochea haidrojeni. Kanuni ambayo mafundi wameifahamu kwa uzoefu inathibitishwa na kemia: betri iliyokwisha ndiyo hatari zaidi kuiacha ndani ya kifaa.

Kuna uvujaji wa aina ya pili, wa kimyakimya, usiohitaji gesi nyingi. Hidroksidi ya potasiamu ina tabia ya kutambaa. Utando wake mwembamba hupanda juu ya metali, hata dhidi ya mvutano wa dunia, na hupenda zaidi metali iliyo upande wa hasi. Sababu ni kwamba kwenye ukingo wa utando huo oksijeni ya hewani huchukua elektroni kutoka kwenye metali na kutengeneza alikali mpya. Alikali hiyo huvuta potasiamu na maji, na ukingo unasonga mbele kidogo. Kizibo kikichoka kwa umri au kwa joto, hicho ndicho kinachotokea kwa miezi mingi bila mtu kusikia mlio wala kuona uvimbe.

Ikifika nje, alikali hukutana na hewa ukaa na kugeuka kabonati ya potasiamu. Huo ndio ukoko mweupe. Wengi hudhani ukoko mkavu hauna madhara tena, lakini kabonati hii hunyonya unyevu kutoka hewani, na katika hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja huwa haikauki kabisa. Inabaki tepetepe, ikila nikeli ya springi, kisha chuma kilicho chini yake, kisha shaba ya nyaya. Rangi ya kijani ni ya shaba iliyokwisha kuliwa. Waya wenye nyuzinyuzi nyingi ni mbaya kuliko vyote, maana alikali huingia kati ya nyuzi chini ya ganda la plastiki na kusafiri ndani yake, kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Fundi akikata waya sentimita tano kutoka kwenye springi akakuta nyuzi nyeusi, anajua safari imefika mbali.

Tochi za alumini zina mkasa wao. Alikali huyeyusha alumini, na inapoiyeyusha hutoa haidrojeni zaidi pamoja na uchafu mweupe unaojaza kila mwanya. Betri iliyovimba ndani ya mwili wa tochi kama hiyo hunasa kabisa. Watu hujaribu kuigonga kwa nyundo, na kwa kawaida tochi ndiyo inayokata tamaa kwanza.

Afrika Mashariki kuna jambo la kuongeza, kwa sababu hapa betri nyingi zilizozoeleka tangu enzi za redio za mkulima si za alkalaini. Ni za zinki na kaboni, zile ambazo baadhi ya watu huziita mawe. Kiwanda cha Eveready mjini Nakuru kilizitengeneza kwa miongo mingi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Katika betri hizi kopo lenyewe ndilo zinki. Kadiri betri inavyotumika, ndivyo kopo linavyoliwa, na mwishowe linatoboka. Kinachotoka humo ni chumvi zenye asili ya asidi, wala si alikali. Kwa mtazamo wa haraka uchafu wa aina hizi mbili unafanana, ila dawa zake zinapingana.

Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kusoma maandishi madogo ubavuni. Betri ya alkalaini ya ukubwa wa AA huandikwa LR6, na ile nyembamba ya rimoti LR03. Kubwa ya tochi ni LR20. Betri ya zinki na kaboni huandikwa R6, R03 au R20, bila ile L mbele. Bei na rangi ya kopo haziaminiki. Herufi hiyo moja inaaminika, ikiwa betri yenyewe si ya kughushi.

Tofauti hii inahusu pia mazoea mawili ya vijijini na mijini. La kwanza ni kuanika betri juani ili zipate nguvu. Betri ya zinki na kaboni ikipashwa moto kweli huongeza dakika kadhaa za redio, kwa kuwa joto huharakisha kilichobaki ndani yake. Betri ya alkalaini ikianikwa hivyo, kinachoharakishwa zaidi ni haidrojeni, tena ndani ya betri iliyokwisha ambayo kizibo chake tayari kimechoka. La pili ni kuing'ata. Watu waling'ata mawe ya tochi wakapata nafuu ya muda wakaishi. Kumwachia mtoto ang'ate betri ya alkalaini ni kumwekea alikali kali mdomoni.

Joto, kwa jumla, ni adui kuliko watu wanavyolipa uzito. Mwendo wa kemia ya aina hii huongezeka takriban mara mbili kila joto linapopanda nyuzi 10. Watengenezaji wengi huweka nyuzi 54 za Selsiasi kuwa kikomo cha betri zao za alkalaini. Gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa, madirisha yakiwa yamefungwa, linaweza kupita hapo mbele ya kioo chake. Tochi ya dharura iliyowekwa kwenye dashibodi imewekwa mahali pabaya kuliko pote. Chini ya kiti ni afadhali. Nyumbani kwenye droo ni bora zaidi. Jokofu nalo halifai, kwa sababu betri ikitolewa humo hupata ukungu wa maji juu yake, na unyevu huo ndio njia nzuri ya kutambalia.

Kinga yenye nguvu kuliko zote ni ya bure: kuzitoa betri. Kifaa ambacho hakitaguswa kwa zaidi ya mwezi mmoja au miwili kitolewe betri, ziwekwe kwenye mfuko mdogo wa plastiki ndani ya boksi lilelile, nje ya chumba chake. Zikivuja, zitavujia mfukoni. Kipimo cha presha kitasahau saa na tarehe, jambo linalorekebishwa kwa dakika moja. Wapo wanaochomeka kipande cha plastiki kati ya betri na kibati, au kugeuza betri moja kichwa chini ili tochi isijiwashe begini. Hiyo inakata umeme, kwa hiyo inazuia betri kupinduliwa, lakini haizuii alikali kutambaa wala kizibo kuzeeka. Ni nusu ya kinga.

Kwa vifaa vinavyotakiwa kukaa na betri ndani, kama saa, rimoti na kengele za moshi, la kwanza ni kubadilisha zote kwa pamoja, za aina moja, kutoka pakiti moja. La pili ni kutosubiri zife. Rimoti inayotaka kubonyezwa mara mbili mbili, saa inayochelewa, kioo kinachofifia: hizo ni dalili kwamba betri moja imeanza kuwategemea wenzake. Mwenye mita ya fundi anaweza kupima moja moja. Mpya husoma volti 1.6 hivi. Ikisoma 1.3 ina nusu ya maisha au pungufu. Ikifika 1.1 itolewe, hata kama kifaa bado kinawaka, na ikiwa moja inasoma chini sana kuliko wenzake, zote zitolewe. Kuzitia kwenye chaja betri za alkalaini za kawaida ni kujitafutia gesi kwa mikono yako mwenyewe.

Njia nyingine ni kuacha kabisa alkalaini katika vifaa vya thamani. Betri za kuchaji za nikeli zina alikali ileile ndani yake, ila zimebuniwa kuimeza gesi zinayozalisha, hivyo ni nadra kuvuja. Zamani zilikuwa zikiisha zenyewe baada ya wiki chache. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilileta aina inayotunza chaji kwa muda mrefu, na siku hizi wengi huzitengeneza. Volti yake ni 1.2 badala ya 1.5, na vifaa vichache hulalamika kwamba betri ni dhaifu kumbe ni nzima. Kwa tochi ya dharura, au kifaa cha kitabibu ambacho lazima kiwe tayari, zipo betri za lithiamu za volti 1.5 zenye umbo lilelile la AA. Hazina maji wala hidroksidi ya potasiamu ndani yake, na hukaa miaka hadi 20 ghalani. Bei yake huumiza, lakini kipimo cha presha ni ghali kuliko betri nne.

Na kama ukoko umekwisha kuonekana? Glavu kwanza, na miwani kama ipo. Betri zitolewe, unga mkavu ukwanguliwe kwa mswaki wa zamani nje ya nyumba, bila kupuliza kwa mdomo. Kisha pamba iliyochovywa kidogo kwenye siki, au maji ya limau, ipitishwe kwenye vibati. Itatoa povu: hiyo ni kabonati ikikutana na asidi na kurudisha hewa ukaa. Povu likiisha, pamba nyingine yenye maji safi kidogo au spiriti ifute siki yote, maana siki iliyoachwa nayo hula metali. Kifaa kiachwe wazi kikauke siku nzima. Kwa betri ya zinki na kaboni, badala ya siki hutumika maji ya magadi, kwa kuwa huko adui ni asidi; magadi juu ya uchafu wa alkalaini hayafanyi lolote.

Alikali ikigusa ngozi huhisiwa kama utelezi wa sabuni kabla ya kuwasha. Dawa yake ni maji mengi, wala si siki. Ikiingia jichoni, maji yatiririke kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali bila kuchelewa.

Kipimo cha bibi kina nafasi ya kupona. Springi mpya hupatikana kwenye kifaa kingine kibovu kwa fundi, na kibati chenye madoa husuguliwa kwa msasa laini hadi king'ae. Kazi ngumu iko kwenye nyaya: fundi hukata kidogokidogo kuelekea kwenye bodi, akimenya na kutazama nyuzi, hadi akute shaba nyekundu inayong'aa inayokubali risasi ya kulehemu. Akikuta nyeusi hadi kwenye bodi yenyewe, na mistari ya shaba juu ya bodi imebanduka, hapo atamwambia mjukuu bei ya kifaa kipya.